Mafuta ya Moto Yakikurukia: Maji Kwanza, Duka la Dawa Baadaye

Tuseme dada yetu anakaanga maandazi nyumbani Maskati, mwezi wa Juni, na mafuta yanamrukia kwenye kigasha. Ngozi imekuwa nyekundu, inauma sana, na palipoungua hapazidi upana wa vidole viwili. Jeraha hili linatibika nyumbani, lakini dawa yake ya kwanza hainunuliwi. Ni maji.

Avue bangili na pete mapema, kabla mkono haujavimba, kisha apitishe maji ya kupoa juu ya jeraha kwa dakika 20 kamili. Joto hubaki ndani ya ngozi na kuendelea kuunguza hata mafuta yakishafutwa, ndiyo maana dakika mbili hazitoshi. Hata akichelewa, maji bado yanasaidia ndani ya saa 3 za mwanzo.

Hapa Ghuba kuna jambo la kuangalia. Tangi liko juu ya paa, na wakati wa kiangazi bomba la baridi hutoa maji ya moto. Yajaribu kwanza kwa mkono wako. Wengi wetu huzima hita msimu huo, na maji yaliyotulia ndani yake hupoa, basi bomba la moto ndilo lenye maji yanayofaa. Ukikosa, mimina maji ya kunywa ya chupa. Barafu isiguse ngozi, kwani nayo huidhuru. Samli, dawa ya meno na ute wa yai havipozi jeraha, bali hulichafua.

Baada ya hapo, mtume mtu duka la dawa. Aombe shashi iliyopakwa mafuta ya parafini, isiyogandana na kidonda. Juu yake aweke shashi kavu, kisha bendeji isiyobana. Pamba haifai, maana nyuzi zake hunasa kwenye kidonda. Krimu ya antibiotiki haihitajiki kwa jeraha safi, na ile nyeupe yenye madini ya fedha yaweza kuchelewesha jeraha dogo kupona. Lengelenge lisitumbuliwe, kwani ngozi yake ndiyo kifuniko bora. Shashi ibadilishwe kila baada ya siku mbili, au mara inapolowa.

Aende kliniki siku hiyo hiyo ikiwa palipoungua panazidi ukubwa wa kiganja chake pamoja na vidole, au ni usoni, mkononi, mguuni, kwenye kiungo au sehemu za siri. Ngozi iliyokuwa nyeupe au nyeusi kama mkaa, hasa isipouma, imeungua kwa kina. Mtoto mdogo, mzee na mwenye kisukari wasingoje. Aulize pia kama anahitaji chanjo ya pepopunda.

Siku zinazofuata, maumivu yanapaswa kupungua. Yakizidi, au ukiona usaha, harufu mbaya au homa, vijidudu vimeingia. Kwa sisi wenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani vizuri, kwa hiyo gusa pembeni mwa kidonda kwa mgongo wa mkono: uvimbe na joto linaloenea ni dalili tosha. Na wiki mbili zikipita bila kidonda kufunga, daktari akione.