Kenta ya Mikate: Kununua au Kukodi?

Kiwanda cha mikate jijini Dar es Salaam kinahitaji Kenta ya tani tatu ya kusambazia mikate madukani. Gari linauzwa shilingi milioni 60. Kampuni ya kukodisha magari nayo iko tayari kutoa gari kama hilo kwa milioni 2 kwa mwezi, bima kubwa na matengenezo yakiwa juu yake. Mhasibu ameagizwa kuandika dokezo kwa bodi: tununue au tukodi? Kiwanda hiki nimekibuni kwa ajili ya hesabu, lakini sheria za kodi nitakazotumia ni za Tanzania.

Hesabu inayomjia mjumbe wa bodi haraka ni hii. Kukodi kwa miaka minne ni milioni 96. Kununua ni milioni 60, ongeza milioni 5 za bima na matengenezo kila mwaka, toa milioni 20 gari litakapouzwa mwishoni: jumla milioni 60. Kununua kunaonekana kuokoa milioni 36, na mjadala ungeishia hapo. Tofauti hiyo ni ya uongo kwa sababu mbili: imesahau kodi, na imehesabu shilingi ya leo sawa na shilingi ya mwaka wa nne.

Tuanze na kodi. Kampuni yenye faida hulipa asilimia 30 ya faida hiyo. Kodi ya pango la gari ni gharama ya biashara, hivyo kila milioni 24 za mwaka hupunguza kodi ya mapato kwa milioni 7.2, na mzigo halisi unabaki milioni 16.8. Mnunuzi haruhusiwi kukata milioni 60 zote mwaka wa kwanza. Hukata uchakavu, ambao kwa gari la mizigo la chini ya tani saba ni asilimia 37.5 ya thamani iliyobaki. Mwaka wa kwanza anakata milioni 22.5 na kuokoa kodi ya milioni 6.75. Mwaka wa pili anaokoa takriban milioni 4.2, wa tatu milioni 2.6. Mwaka wa nne gari lina thamani ya milioni 14.6 hivi vitabuni. Likiuzwa milioni 20 na kama ndilo pekee katika kundi lake la mali, ile ziada inatozwa kodi ya karibu milioni 1.6. Wengi huisahau kodi hii.

Kisha muda. Benki ikikopesha kwa riba ya asilimia 17, riba hiyo nayo hupunguza kodi, kwa hiyo gharama halisi ya fedha ni kama asilimia 12. Hicho ndicho kiwango cha kurudishia fedha za mbele kwenye thamani ya leo: shilingi milioni moja ya mwaka wa nne ni sawa na takriban 635,000 leo. Anayetumia kiwango hiki asiweke tena marejesho ya mkopo ndani ya hesabu, maana riba itakuwa imehesabiwa mara mbili.

Tukichukulia malipo yote yanafanyika mwisho wa mwaka, kununua kunagharimu milioni 47.7 kwa thamani ya leo, na kukodi milioni 51. Zile milioni 36 zimesinyaa na kuwa milioni 3.4.

Dokezo langu lingeanza na neno moja, nunueni, kisha lingeeleza kinachoweza kulibadilisha. Jambo kubwa ni bei ya kuuzia. Ikishuka chini ya milioni 12.5 hivi, kukodi kunakuwa nafuu zaidi, na bei ya Kenta iliyochoka kwa barabara mbovu haitabiriki ofisini. Mhasibu awaulize mafundi na madalali wa magari, wala asiinakili bei kutoka kwenye tangazo la gari lililotunzwa.

Mkataba wenyewe pia usomwe neno kwa neno. Ukisema gari litakuwa la kiwanda muda wa kukodi ukiisha, sheria ya kodi inauona kama ununuzi kwa mkopo. Kiwanda kitakata uchakavu na riba, si pango lote, na safu ya kukodi itabidi ipigwe upya.

Mwisho, wajumbe waulizwe wana hakika gani ya miaka minne. Kama oda kubwa ya maduka inaisha baada ya miaka miwili, na mkodishaji anakubali gari kurudishwa wakati huo bila faini, pengo la milioni 3.4 ni dogo mno kumfunga mtu na gari asilolihitaji. Hapo ningeandika: kodini.