Sehemu ya Tatu ya Insha

Mwanafunzi aliyepewa swali la kujadili simu za mkononi shuleni huwa anajua mwisho wa insha yake kabla hajaandika mwanzo. Faida tatu, hasara tatu, kisha aya ya mwisho: simu zina faida na hasara zake, hivyo zitumike vizuri. Msahihishaji anafika nukta ya mwisho bila kujua kama mwandishi angeruhusu simu darasani au la. Hoja zimepangwa, lakini hakuna lililoamuliwa.

Ufaransa wana insha ambayo kwa mbali inafanana na hiyo. Kila mwezi wa Juni, watahiniwa wa bakalorea hukaa muda wa saa nne kwenye mtihani wa falsafa. Wanachagua swali moja kati ya matatu: mawili ya insha, na moja la kufafanua kifungu cha mwanafalsafa fulani. Shule zinazofundisha kwa Kifaransa huko Kongo na Burundi zimerithi insha hiyo. Mpangilio wake unaojulikana zaidi una sehemu tatu, yaani dai, pingamizi na suluhisho. Watu wengi humtaja Hegel kuwa ndiye aliyeubuni, ingawa yeye mwenyewe hakuueleza hivyo. Aliyeueneza kwa jina lake ni Heinrich Chalybäus, katika kitabu cha mwaka 1837.

Ugumu wote uko katika sehemu ya tatu. Mwandishi mvivu huifanya mizani: nusu huku, nusu kule. Sehemu hiyo inatakiwa kutoa jibu ambalo halikuwamo katika mbili za kwanza, na lisingeweza kupatikana bila kuzipitia.

Tuchukue swali lililotoka kweli katika bakalorea ya mwaka 2023: je, kutaka amani ni kutaka haki?

Dai la kwanza ni ndiyo. Amani isiyo na haki haidumu, kwa sababu aliyeonewa husubiri siku yake. Mfano uko karibu: Mkataba wa Versailles, uliotiwa saini tarehe 28 Juni 1919. Kifungu chake cha 231 kiliwabebesha Ujerumani na washirika wake dhima ya hasara za vita, na Wajerumani wengi wakauona kuwa ni dhuluma. Hitler akajijengea wafuasi kwa hasira hiyo, na mwaka 1939 Ulaya ikarudi vitani. Basi anayetaka amani ahakikishe kwanza haki imetendeka.

Hapo mwandishi asiye makini hufunga sehemu ya kwanza, anaandika "kwa upande mwingine", na kuanza hadithi mpya. Msomaji anadhani amebadili mawazo tu. Pingamizi zuri huchomoza ndani ya dai lenyewe, na aya ya mpito ndiyo inayoonyesha ufa ulipo. Katika mfano wetu ufa umo Versailles mlemle. Wafaransa waliodai fidia hawakujiona madhalimu. Mapigano yalikuwa yameharibu mashamba, migodi na miji ya kaskazini mwa nchi yao, nao walikuwa wakidai haki. Pande zote mbili zilitaka haki, na kutaka huko ndiko kulikowazuia kuelewana.

Sasa pingamizi linasimama kwa miguu yake. Kila upande una haki yake, na anayeng'ang'ania yake mpaka mwisho anarefusha ugomvi. Wakati mwingine amani hupatikana kwa kuacha madai. Athene, mwaka 403 kabla ya Kristo, ulipoangushwa utawala wa kikatili wa watu thelathini, raia wa pande mbili zilizokuwa zimepigana walikula kiapo cha kutokumbushiana mabaya yaliyopita. Hakuna kushitakiana kwa kisasi. Mji ukatulia. Hapa kutaka amani kunaonekana kuwa ni kuiweka haki kando.

Pingamizi lazima lipewe nguvu yake yote. Mwandishi akimbumba mpinzani dhaifu ili ampige kwa urahisi, sehemu ya tatu haitakuwa na kitu cha kusuluhisha. Mtomaso wa Akwino alilijua hilo katika karne ya 13. Katika *Summa Theologiae* alianza kila suala kwa kupanga hoja zinazompinga, kisha akatoa jibu lake, kisha akairudia kila hoja na kuijibu kwa zamu. Alipouliza kama Mungu yuko, pingamizi alilolitanguliza lilikuwa kuwapo kwa uovu duniani, na hakuna mpinzani ambaye angemletea zito kuliko hilo. Bakalorea haidai orodha ya namna hiyo, lakini mtahiniwa anayeiga tabia hiyo ya kurudi na kujibu huandika sehemu ya tatu yenye nguvu.

Turudi kwenye amani. Suluhisho halisemi "inategemea". Linauliza kwa nini dai na pingamizi vyote vimeonekana kweli. Katika Versailles, haki ilikuwa na maana ya malipo ya yaliyopita, yakikadiriwa na aliyeshinda. Lakini tuitazame Athene mara ya pili. Kiapo kile hakikufuta kila kitu: wale thelathini wenyewe na wachache waliowatumikia katika vyeo vikubwa hawakulindwa nacho, isipokuwa wakubali kutoa hesabu ya matendo yao. Na kiapo kiliwafunga wote, walioshinda na walioshindwa. Kwa hiyo Waathene hawakuiweka haki kando. Waliacha kila mtu kuwa hakimu wa jambo lake mwenyewe, wakakubali kanuni moja juu ya wote.

Jibu linapatikana hapo. Anayetaka silaha zinyamaze kwa muda hana haja ya kutaka haki. Anayetaka amani inayodumu lazima aitake, ila haki hiyo si malipo anayoyapanga upande mmoja. Ni chombo cha kuamua ambacho pande zote zinakikubali, hata kinapowaumiza. Ni jibu la ndiyo, lakini si ile ndiyo ya mwanzo. Na limeeleza mifano ya pande zote mbili, Versailles na Athene, bila kuacha mmoja nje. Hicho ndicho kipimo cha suluhisho: mfano wa mpinzani ukibaki bila maelezo, kazi haijaisha.

Suluhisho la kweli pia hutaja gharama yake. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 1995 iliunda tume ya ukweli na maridhiano, iliyoongozwa na Askofu Mkuu Desmond Tutu. Aliyetenda uovu kwa sababu za kisiasa angeweza kupata msamaha, sharti aseme ukweli wote. Familia za baadhi ya waliouawa, ikiwemo ya Steve Biko, zilikwenda Mahakama ya Katiba mwaka 1996 kupinga msamaha huo, zikashindwa. Mwaka 1999 polisi walioomba msamaha kwa kifo cha Biko walinyimwa. Mwandishi anayetetea chombo cha pamoja hana budi kuuweka mkasa huo mezani, kwa kuwa kuna watu waliodaiwa kuacha madai yao makubwa kuliko ya wengine.

Si kila swali linaingia katika mpangilio huu. Swali la "haki ni nini?" halina pande mbili, hapo mtahiniwa hujenga maana hatua kwa hatua, kila hatua ikisahihisha iliyotangulia. Na pale upande mmoja ni uongo mtupu, kumtafutia pingamizi la heshima ni kupoteza wino. Swali lenye "je" ndilo linaloualika zaidi, hasa pale mtu mwenye akili timamu anaweza kujibu ndiyo, na mwingine mwenye akili timamu akajibu hapana.