Mbofyo Usiopotea: Kufupisha Somo la Video la Kompyuta

Mwalimu anayetaka kupanga nafasi za wanafunzi wake 45 kwa Excel hahitaji mengi. Alama anazo tayari, anachotafuta ni kuona fomula moja ikifanya kazi. Lakini anayemwandalia somo hilo akirekodi skrini yake mfululizo bila kukata chochote, atajikuta na video ya dakika 9, na sehemu kubwa ya muda huo ni kusubiri programu ifunguke, kuandika majina, na mshale wa kipanya kuzunguka skrini bila kazi.

Njia ya haraka ambayo wengi huikimbilia ni kuongeza kasi ya video yote. Dakika zinapungua kweli, ila somo linaharibika, kwa sababu kitu chenyewe ambacho mwalimu yule alikuja kukiona hutokea chini ya sekunde moja. Kusubiri kulikochukua nusu dakika bado kunachosha, na mbofyo uliokuwa mfupi tangu mwanzo sasa hauonekani kabisa. Kufupisha somo vizuri ni kunyang'anya muda pale pasipo na la kujifunza na kuupeleka pale penye mbofyo. Ndiyo maana katika kazi iliyohaririwa vyema utakuta vipande vilivyorefushwa kuliko vilivyokuwa kwenye rekodi.

Tuichukue hiyo rekodi ya dakika 9. Kuandika majina na alama kumekula sekunde 210. Hakuna anayehitaji kufundishwa kuandika jina, kwa hiyo acha majina mawili ya kwanza, kata yote yanayofuata, kisha unganisha na jedwali lililokwisha kujazwa. Mahali pa kuunganisha, picha ya kwanza ififie ndani ya ya pili kwa fremu kama 10, yaani theluthi ya sekunde kwa video ya fremu 30 kwa sekunde. Kufifia huko kunamwambia mtazamaji kwamba muda umepita. Ukikata kavukavu, jedwali linajaa ghafla, naye ataanza kutafuta ni kitufe gani kilichofanya hivyo. Sekunde 210 zimekuwa 12.

Kukata kuna mtego wake, nao ni mshale. Kama kabla ya mkato mshale uko kushoto juu na baada yake uko kulia chini, jicho linaupoteza na kuanza kuusaka, na wakati linausaka sauti imeshasonga mbele. Dawa yake huanza wakati wa kurekodi. Ukikosea neno, usiguse kipanya. Nyamaza kidogo, piga kofi moja, halafu rudia sentensi mshale ukiwa palepale. Kofi linaacha mwiba mrefu kwenye mchoro wa sauti, na wakati wa kuhariri unauona kwa jicho bila kusikiliza rekodi yote. Kwenye Kdenlive, programu ya bure, unasimamisha alama ya kucheza hapo na kubonyeza Shift+R ili kukata. Acha fremu chache za ukimya kabla ya neno linalofuata, la sivyo msemaji atasikika kama mtu asiyepumua.

Sasa tufike kwenye fomula yenyewe. Jumla za alama ziko safu ya F, kuanzia mstari wa 2 hadi wa 46, na kwenye seli ya kwanza ya nafasi tunaandika:

```
=RANK(F2,$F$2:$F$46)
```

Kisha tunapeleka mshale kwenye kona ya chini kulia ya seli hiyo, penye kimraba kidogo sana. Msalaba mnene mweupe unageuka kuwa msalaba mwembamba mweusi, tunabofya mara mbili, na fomula inashuka hadi mwanafunzi wa mwisho. Somo zima limebebwa na mgeuko huo wa msalaba, na karibu hakuna anayeuona.

Sababu ni ukubwa wa skrini. Kompyuta mpakato ya inchi 15.6 ina upana wa sentimita 34 na nusu hivi. Simu iliyoshikwa wima ina upana wa kama sentimita 7. Picha imepungua hadi sehemu moja ya tano, na herufi yenye kimo cha milimita 3 imebaki na milimita 0.6. Kile kimraba hakipo tena machoni pa mtazamaji.

Hapa ndipo picha inavutwa karibu. Kwenye Kdenlive kazi hiyo hufanywa na kifaa kiitwacho Transform: unaweka nukta ya kuanzia ambapo picha ni asilimia 100, na nukta ya kumalizia ambapo ni asilimia 200, seli yetu ikiwa katikati. Safari kati ya nukta hizo ichukue fremu 15 hadi 20, ianze polepole na kumalizia polepole. Na ifike kabla ya mshale. Picha ikiwa bado inasogea wakati mbofyo unafanyika, jicho linafuata mwendo na kuukosa mbofyo. Ikishafika, itulie. Kama hatua inayofuata iko jirani, telezesha picha hadi hapo badala ya kurudi nyuma na kuvuta tena, maana kuvuta na kurudisha kwa kila mbofyo humtia mtu kizunguzungu.

Kuvuta kuna mpaka. Ukirekodi kwa pikseli 1920 kwa 1080 na kukuza mara mbili, eneo la pikseli 960 kwa 540 ndilo linalonyooshwa kujaza skrini, na herufi zinaingia ukungu. Nafuu ni kukuza jedwali lenyewe ndani ya Excel hadi asilimia 150 kabla ya kurekodi. Herufi zitakuwa kubwa na safi tangu mwanzo, na kwenye kuhariri utahitaji kuvuta kidogo tu.

Baada ya picha kuwa karibu, mtazamaji aonyeshwe kidole kimefanya nini. Mkono wako hauonekani, kwa hiyo kwake mbofyo mmoja, mbofyo wa mara mbili na mbofyo wa kulia vyote vinafanana. Duara la njano litokee kuzunguka kona ya seli fremu 10 hivi kabla ya mbofyo, pamoja na maneno mafupi, "bofya mara 2", na libaki hadi nafasi zote zijae. Mimi huigandisha ile fremu ambayo msalaba umegeuka mweusi kwa sekunde 2, maelezo yakiendelea. Kipande hiki kilikuwa sekunde 10 kwenye rekodi. Kwenye video kimekuwa 16, na hakuna mahali pengine ambapo sekunde 6 zingetumika vizuri zaidi.

Alama ya dola nayo inadai duara lake. Wengi huiweka kwa kubonyeza F4, na kitufe cha kibodi hakiachi dalili yoyote kwenye skrini. Kiandike kwenye kisanduku wakati uleule kinapobonyezwa. Asiyekiona ataandika fomula bila dola, na ikishuka, mipaka nayo itashuka: mwanafunzi wa mstari wa 46 atalinganishwa na seli tupu zilizo chini yake na kupewa nafasi ya 1, hata kama ndiye mwenye alama ndogo kuliko wote. Kosa hilo lionyeshwe kwa sekunde chache. Usilikate, kwa sababu ndilo litakalompata mwalimu akiwa peke yake.

Duara la njano unaweza pia kulipata wakati wa kurekodi. Kwenye Windows, PowerToys ina Mouse Highlighter inayowashwa kwa Win+Shift+H, nayo hupaka rangi kila mbofyo. Ubaya wake ni kwamba OBS Studio, ambayo wengi huitumia kurekodi, huunganisha mshale na picha. Rangi ikishaingia haitoki. Camtasia, ambayo ni ya kulipia, huhifadhi mshale wa rekodi zake kando, hivyo unaweza kuukuza baadaye hata kama ulisahau. Kwa anayetumia OBS, aukuze mshale kwenye mipangilio ya Windows kabla ya kuanza.

Mpangilio wa kazi uwe kukata kwanza, kuvuta picha baadaye, na maduara mwisho. Ukirudi kukata sekunde 3 baada ya kuweka maduara, yanaweza kubaki yakielea mahali ambapo mbofyo haupo tena.

Video ikishakamilika, inafikia kama dakika 3 na sekunde 40. Itazame kwenye simu, wima, sauti ikiwa imezimwa, na mbele yako kuna jedwali jipya la alama. Fuata unachokiona tu. Ukikwama mahali, aidha umekata hatua au duara limechelewa, na yote mawili yanarekebishika. Lakini ukikwama kwa sababu mshale ulipita mbio wakati wa kurekodi na msalaba haukuwahi kutulia kwenye kona, hakuna mkato wala duara litakalouleta. Fungua jedwali lilelile, uweke ukubwa uleule wa asilimia 150, urekodi upya zile sekunde 10.