Chapati Mbili, Simu Moja

Mpishi mwenye simu moja hawezi kurekodi pembe mbili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo chapati inapomfaa: madonge ni mengi. Katika orodha yake ya picha, donge la kwanza hurekodiwa kutoka juu likisukumwa, likipakwa mafuta na kuviringishwa. La pili hurekodiwa kwa karibu, usawa wa kibao, mikono tu.

Maji humiminwa kwenye unga mara moja, kwa hiyo simu hutegeshwa mapema.

Picha za nyongeza, kama unga ukichekechwa au tabaka zikichanwa, hurekodiwa mwishoni, sekunde 5 hadi 10 kila moja. Hizo huficha maungio wakati wa kuhariri.

Unga mweupe huisumbua kamera: mkono ukiingia, mwanga hubadilika ghafla. Kubonyeza kioo kwa muda hufunga mwanga na fokasi katika simu nyingi.