Saa mbili za kazi, siku sita za foleni

Tuchukue mfano wa timu ya watu sita inayotengeneza mfumo wa malipo kwa simu. Mteja akinunua umeme na jibu la mtandao likachelewa, mfumo humkata pesa mara mbili. Mmoja wao amepata dawa ya kasoro hiyo. Ameandika msimbo, ameujaribu, na Jumatatu saa nne asubuhi anaituma kazi yake kwa wenzake waikague kabla haijaingia kwenye mfumo. Inaingia Jumatatu ya pili, saa nane mchana. Siku zote hizo wateja wanaendelea kukatwa mara mbili.

Alichotuma ni ombi la kuunganisha. Mtengeneza programu hufanyia kazi nakala ya pembeni iitwayo tawi, kisha huomba mabadiliko yake yachanganywe na tawi kuu, ule msimbo ambao timu nzima inautegemea. Kwenye mitandao kama GitHub, iliyofunguliwa mwaka 2008, ombi hilo lina ukurasa wake. Mwenzake husoma mstari kwa mstari, huacha maoni, na mwisho huidhinisha. Utaratibu huu hunasa makosa na kuwafundisha watu msimbo wa wenzao. Tatizo ni muda ambao ombi hukaa bila kuguswa na mtu.

Timu nyingi hulizungumzia jambo hili katika kikao cha tathmini, ambacho hufanyika kila baada ya wiki mbili hivi ili kuangalia kazi ilivyokwenda. Maneno ya ufunguzi ya kiongozi ndiyo huamua kikao kitaelekea wapi. Akianza kwa kuuliza nani anachelewesha, kila mmoja atajitetea na saa itakwisha. Norman Kerth, aliyeandika kitabu kuhusu vikao hivi mwaka 2001, alipendekeza vifunguliwe kwa kukubaliana kwamba kila mtu alijitahidi kadiri alivyoweza, kwa alichokijua na alichokuwa nacho wakati ule.

Kiongozi wa timu yetu ya mfano anafungua hivi: “Jamani, leo hatumtafuti aliyelala. Tunalifuata ombi moja tu, tuone lilikuwa wapi kila saa.” Kisha anachora mstari ubaoni, akihesabu saa za kazi peke yake, nane kwa siku.

Tangu Jumatatu saa nne asubuhi hadi maoni ya kwanza, Jumatano saa tisa alasiri, zimepita saa 21. Ndani yake, msomaji alitumia dakika 50 kusoma. Mwandishi alikuwa ameshaanza kazi nyingine, akarudi na marekebisho Ijumaa saa nne asubuhi: saa 11, na marekebisho yenyewe yalichukua dakika 40. Msomaji aliidhinisha Jumatatu saa tano asubuhi: saa tisa, za kusoma dakika 15. Kufikia hapo tawi kuu lilikuwa limebadilika na mistari ikagongana na ya wengine, zikahitajika saa tatu nyingine, ingawa kuondoa mgongano kulichukua dakika 25 tu. Jumla ni saa 44, na katika hizo kazi ilifanyika kwa saa mbili na dakika kumi.

Mchoro huo unageuza swali. Hata msomaji angesoma kwa kasi maradufu, ombi lingewahi kwa nusu saa hivi. Saa karibu 42 ni za foleni, na humo ndimo sababu zinamotafutwa.

Ya kwanza inaonekana pale ombi lilipotumwa: kwa timu nzima. Watu watano walipata taarifa na kila mmoja akadhani mwingine ataanza. Hali hugeuka kinyume pale faili iitwayo `CODEOWNERS`, ambayo hutaja nani akague sehemu ipi ya msimbo, inapokuwa na jina la mtu mmoja kila mahali. Hapo kazi zote humsubiri mkongwe huyo, naye ana kazi zake.

Ya pili ni ukubwa. Ombi lilikuwa na mistari 640. Mtu aliyebakiwa na dakika 20 kabla ya mkutano halifungui. Analiweka mpaka apate nafasi nzuri, na nafasi hiyo haiji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu ukaguzi wa msimbo ndani ya Google ulikuta kwamba badiliko la kati lilikuwa na mistari 24 hivi, na kwamba muda wa kati wa mchakato mzima wa ukaguzi haukufika saa nne. Google ina zana zake na desturi zake, kwa hiyo tarakimu hizo si sheria kwa timu ya watu sita. Zinachoonyesha ni kwamba vitu vidogo na majibu ya haraka vinaweza kwenda pamoja.

Ya tatu ni wingi wa maombi yaliyo wazi. Mwaka 1961 John Little alithibitisha kanuni inayotumika kwa foleni yoyote iliyotulia: wastani wa kusubiri ni idadi ya waliomo ikigawanywa kwa idadi wanaotoka kwa siku. Timu yenye maombi 12 wazi, inayounganisha manne kwa siku, itasubiri wastani wa siku tatu. Anayefungua kazi mpya ilhali za wenzake hazijasomwa anairefusha foleni atakayopanga yeye mwenyewe.

Kwa hiyo kiongozi anaweka mezani mambo matatu na kuomba timu ichague moja. Moja, kila ombi lipewe msomaji mmoja kwa jina, kwa zamu. GitHub inaweza kugawa zamu hizo yenyewe. Mbili, kila mtu aanze asubuhi kwa kusoma ya wenzake kabla ya kugusa yake, akianzia la zamani zaidi. Orodha hiyo hupatikana kwa amri moja:

```
gh pr list --search "review:required sort:created-asc"
```

Tatu, maombi yakatwe vipande. Lile la malipo lingetoka mara tatu: kwanza kuhamisha na kubadili majina ya faili bila kugusa utendaji, pili majaribio, tatu mistari michache inayomzuia mteja asikatwe mara mbili. Kipande cha kwanza kina mistari mingi lakini husomwa haraka. Cha tatu ndicho kinachotaka utulivu.

Kuchagua moja kuna sababu. Timu ikibadili yote matatu kwa mpigo na hali ikawa nzuri, haitajua kilichosaidia. Kipimo nacho ni kimoja: saa za kazi tangu ombi kufunguliwa hadi jibu la kwanza la mtu. Mwongozo wa Google ulio wazi kwa umma unaweka ukomo wa siku moja ya kazi kwa jibu hilo. Ni vyema kutazama muda wa kati na pia ombi lililokaa kuliko yote, kwa sababu muda wa kati huweza kuficha moja lililosahaulika kwa wiki.

Hatari ipo. Watu wakijua saa zinahesabiwa, wengine wataidhinisha bila kusoma, na tarakimu zitapendeza. Dalili zake ni ombi la mistari mia kadhaa lililoidhinishwa ndani ya dakika mbili bila swali, na mabadiliko yanayorudishwa nyuma siku moja baada ya kuunganishwa. Ndiyo maana timu yetu ya mfano, iliyochagua msomaji wa zamu, inaandika ubaoni safu mbili kwa wiki mbili zijazo: saa za kusubiri jibu la kwanza, na idadi ya mabadiliko yaliyorudishwa. Safu ya kwanza ikishuka na ya pili ikapanda, zamu inasimamishwa na kikao kijacho kinaanza na suala la ukubwa wa maombi.