Sugu za Miguu: Jiwe na Krimu, Wala si Wembe

Wenyeji wa Chewele hutembea sana. Njia zetu ni za mchanga na udongo mkavu, jua ni kali, na wengi wetu huvaa ndara mwaka mzima. Si ajabu basi kwamba tunapokaa kutia udhu twaona nyayo zimeota sugu: kisigino kigumu kama gome, na pengine kinundu chenye maumivu juu ya kidole kidogo. Kwa kinundu hicho, wengi wetu tumezoea kuagiza wembe dukani. Wiki hii twataka kueleza kwa nini wembe huo haufai, na nini kitumike badala yake.

Sugu si uchafu wala si ugonjwa. Ni ngozi iliyojikinga. Mahali panapobanwa au kusuguliwa kila siku, ngozi huongeza tabaka juu ya tabaka ili nyama ya ndani isiumie. Zikienea na kuwa bapa, kama kisiginoni, kwa kawaida haziumi. Mgandamizo ukilenga mahali padogo, kama kidole kinachobanwa na kiatu, tabaka hizo hujikusanya na kuwa kiini kigumu kilichochongoka kuelekea ndani. Kiini hicho ndicho kinachochoma kila tunapokanyaga.

Tuchukue mfano wa mama wa makamo mwenye kisukari, aliye na sugu ya namna hiyo kwenye kidole kidogo. Aiona kama mwiba, naye ataka kuung'oa. Achukua wembe, akata kidogo, haumii, akata tena. Kutoumia huko kwampa moyo, kumbe ndiko hatari yenyewe. Kisukari cha miaka mingi hufisha hisia za miguu, hata mtu asijue wembe umeshapita ngozi ngumu na kuingia nyama hai. Damu yatoka kidogo, afunga kitambaa, kisha aendelea na kazi zake. Kwa kuwa damu haifiki vyema miguuni, jeraha halifungi. Baada ya siku chache kidole chavimba na kutoa usaha, naye bado hasikii maumivu. Vidonda vilivyoanza hivi huweza kufika kwenye mfupa, na wako waliokatwa vidole au mguu.

Hata asiye na kisukari hapati faida ya kudumu. Kiatu kile kile kikiendelea kubana, kiini hurudi baada ya wiki chache. Kwa hiyo tiba ya kwanza ni kuondoa kinachobana: kuvaa kiatu kipana mbele, chenye soli nene na laini.

Kisha ngozi ngumu ipunguzwe polepole. Loweka miguu katika maji ya uvuguvugu kwa dakika kama 10. Chukua jiwe la kusugulia miguu, lile jepesi lenye vitundu litokalo kwenye volkano, ulilowanishe, na usugue taratibu kwa dakika mbili au tatu. Tupa ya miguu nayo yafaa, ila iliyo laini. Ile ya chuma yenye meno makali hukwangua kama kisu. Usitake kumaliza sugu yote siku moja. Ngozi ikianza kuwa nyekundu au kuuma, umepita mpaka. Jiwe lioshwe, likaushwe juani, na kila mtu awe na lake.

Baada ya kukausha miguu, paka krimu yenye yurea. Yurea huvuta maji kwenye ngozi na kulegeza tabaka ngumu. Soma kiwango kwenye kopo: asilimia 10 yatosha kwa ngozi kavu, na asilimia 20 hadi 25 kwa kisigino kinene. Ile ya asilimia 40 ni kali, ipakwe juu ya sugu peke yake, kwa ushauri wa mfamasia. Paka usiku, kisha vaa soksi. Usipake katikati ya vidole, kwani unyevu hapo hualika fangasi, wala juu ya mpasuko unaotoa damu. Subiri wiki kadhaa.

Mwenye kisukari au ganzi ya miguu asijisugue wala kujilowekea mwenyewe bila ushauri wa daktari, kwani hata maji ya moto huweza kumuunguza asijue. Ajiepushe pia na plasta za dawa ya kuyeyusha sugu, kwa kuwa dawa hiyo haichagui ngozi ngumu na nzima. Kazi yake ni kuangalia. Udhu wampa nafasi hiyo mara kadhaa kwa siku: apitishe macho kwenye nyayo na katikati ya vidole, na akaushe vyema. Akiona damu au weusi chini ya sugu, wekundu, uvimbe, majimaji au harufu, aende kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama haumwi na chochote.