Waya mmoja, wati chache

Waya wa USB-C ukiunganisha laptopu na monita, picha huenda upande mmoja na umeme hurudi upande wa pili. Raha yake ni meza isiyo na msitu wa nyaya. Lakini kuna watu hushangaa betri ikishuka huku alama ya kuchaji inawaka.

Tuchukue laptopu iliyokuja na chaja ya wati 100, ikachomekwa kwenye monita inayotoa 65. Ukiandika barua, inakula wati 20 hivi, na betri inajaa vizuri. Ukianza kuhariri video inataka 80, na zile 15 zinazopungua zinachotwa kwenye betri. Betri ya wati-saa 60 itaisha baada ya saa 4.

Monita haijaharibika. Kifaa chake cha umeme kinalisha kioo chenyewe pia, na kikubwa zaidi kingeongeza bei na joto. Kwa hiyo kabla ya kununua, tafuta maneno "Power Delivery" kwenye boksi, usome wati zake. Waya nao una kikomo: mwingi wa kawaida huishia wati 60, hata monita ikiwa na 90.